Pampu ya Bei Rahisi

Ningepaswa kukataa siku ile, pale kanisani Kapseret, mwenyekiti aliposema tuchukue pampu ya elfu themanini. Nilikuwa mweka hazina wa mradi wa kisima. Niliinua mkono kukubali.

Mwaka mmoja ulikuwa umepita tangu vita vya baada ya uchaguzi. Jirani yangu, karani mstaafu aliyetoka upande wa ziwa, alikuwa amerudi kutoka kwenye mahema ya wakimbizi na kujenga upya. Ng'ombe wake wawili wa maziwa walinywa maji mengi kuliko sisi sote. Jioni moja kabla ya mkutano tulikaa jikoni kwake tukapiga hesabu.

Fundi alikuwa ametupa pampu mbili za kuchagua, na zote zilitoa maji sawa kwa saa. Ya elfu themanini ilikula kilowati nne. Ile ya laki moja na themanini, mbili na nusu. Saa sita kila siku, shilingi kumi na tano kwa yuniti: ya kwanza ingetugharimu stima ya shilingi 131,400 kwa mwaka, ya pili 82,125.

"Tofauti ni kama elfu hamsini," akasema. "Laki ya ziada inarudi kwa miaka miwili na kidogo. Fundi anasema zote zinaishi miaka kumi. Jumlisha."

Nikajumlisha bei na stima. Hata tukidhani bei ya stima haitapanda, ile ya bei rahisi ingetukula karibu laki nne zaidi.

"Basi utawaambia?"

"Nitawaambia."

"Usiwaogope, Mzee. Wewe unaogopa hata jogoo wa mke wangu."

Sikuwaambia. Kuleta laki nyingine kulitaka kila boma lichange tena, na niliogopa ule mjadala wa nani ametoa na nani hajatoa, hasa kwa waliorudi mikono mitupu. Aliniangalia nilipoinua mkono.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, sitaficha. Asubuhi watu ambao hawakuwa wakisalimiana walisimama foleni moja na mitungi yao. Akina mama walichekana wakitetemeka kwa baridi. Jirani yangu alinitania kwamba maji yangu yana ladha ya uoga. Nilidhani nimefanya vyema.

Kisha bili zikaja kama tulivyozipigia hesabu. Tukapandisha bei ya mtungi. Waliokuwa na uwezo wakachimba visima vyao, wakatuacha. Waliobaki wachache hawakuweza kuibeba bili. Stima ikakatwa, na foleni ikaisha.

Ng'ombe hawawezi kungoja. Jirani yangu akawauza, halafu akauza na shamba, akarudi kwao ziwani.

"Vita vilinifukuza nikarudi," aliniambia langoni. "Kiu, Mzee, siwezi."

Nimempigia simu mara nyingi. Hapokei. Ile laki niliyoogopa kuiomba ilinigharimu rafiki yangu wa pekee.