Ubao wa Sehemu Tatu

Nilikuwa na ugonjwa wa dasta. Neno likikaa ubaoni dakika tano, mkono ulianza kuniwasha. Nilikuja Kigali kutoka Tanga kufundisha Kiswahili, na niliamini kwamba ubao safi ndiyo alama ya mwalimu nadhifu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri mno. Naujua uzuri huo kwa sababu niliusifu mwenyewe, wanafunzi hawakuwahi kupata nafasi ya kuutazama.

Shule ilikuwa Ndera, na mkataba wangu ulikuwa wa majaribio. Mkuu wa masomo, mama wa Kinyarwanda aliyekulia Bukoba, alikuja kukaa nyuma ya darasa kipindi kizima. Nilifundisha ngeli kwa madaha. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Katikati, binti mmoja akanyoosha mkono.

"Mwarimu, ile ngeli ya kwanza iko wapi?"

"Imefutwa," nikamjibu, kana kwamba kosa ni lake kuandika polepole.

Baada ya kipindi, mkuu wa masomo alinifungulia daftari. Alikuwa ameuchora ubao wangu mara tatu, kila baada ya dakika chache. Picha tatu, na hakuna neno hata moja lililofanana.

"Mwalimu, mtoto aliyekohoa hapa," akaweka kidole kwenye picha ya pili, "somo limempita. Wiki ijayo narudi. Nikikuta ubao wa kufutwafutwa, natafuta mwalimu mwingine."

Nilikasirika hadi Kimironko nilikopanga chumba. Ya nini mtu kuhesabu ufutaji wangu? Lakini hasira haiongezi mkataba, kwa hiyo nilikunja karatasi mara mbili, ikatoka sehemu tatu, nikapanga. Kushoto, maneno makuu na mfano mmoja kwa kila ngeli, yasiguswe mpaka kengele. Katikati, hatua zenye namba. Kulia, sentensi za wanafunzi kama walivyozisema. Chini kabisa pasiandikwe kitu, maana walio nyuma huona visogo tu. Kipande kimoja chembamba pembeni nikajiachia cha kuandika na kufuta, kama mtu anayeacha sigara polepole.

Siku ilipofika, mkuu wa masomo alikaa palepale. Kushoto nikaandika: A-WA, mtoto yuko, LI-YA, jiwe liko, KI-VI, kitabu kiko, I-ZI, nyumba iko. Katikati: 1. Tazama nomino inaanzaje. 2. Taja ngeli yake. 3. Weka kiambishi chake kwenye -ko. Nilirudi nyuma hatua mbili kujistaajabia.

Nikawapa neno kijana. Darasa hili kila kitu kwao ni iko, hata baba yao iko kazini, kwa hiyo sikushangaa sentensi ya kwanza: "Kijana iko darasani." Nikaiandika kulia huku meno yakiniuma. Mwingine akasema, "Kijana yuko," hakujua kwa nini. Kisha akasimama yule binti wa wiki iliyopita, akasoma hatua zangu moja moja kwa kidole hewani.

"Inaanza na ki. Ngeli ni KI-VI. Kijana kiko darasani."

Nikacheka. "Nani anasema hivyo?"

"Wewe, mwarimu. Iko pale."

Kweli ilikuwa pale. Hatua zangu, kwa mwandiko wangu mzuri, zilimfikisha hapo bila kupotea njia. Hakuna hatua iliyouliza kama nomino ni kiumbe hai. Tanga hakuna anayehitaji kuulizwa, hata mtoto wa chekechea hasemi kijana kiko, nami nikadhani lugha yangu wamezaliwa nayo wote. Miezi yote niliwafundisha hatua hizohizo, nikazifuta kabla hazijaumbuka. Mkuu wa masomo alikuwa anachora.

Juu ya hatua ya kwanza nikabana mstari: "Kwanza, ni kiumbe hai? Kama ndiyo, A-WA." Tukazipitia sentensi tatu upya, zote zikiwa mbele yetu, na darasa likaeleza lenyewe kwa nini moja imesimama na mbili zimeanguka. Mkuu wa masomo akafunga daftari. "Leo nimechora mara moja," akasema. "Mkataba utaupata."

Nilitaka kufurahi. Lakini binti alikuwa amekwisha kutoa karatasi yake ya mtihani wa muhula uliopita. Kiongozi kiko ofisini, na pembeni alama yangu nyekundu ya kosa, na neno nililomwandikia: Mzembe!

"Hii nayo nilifuata hatua," akasema.

Nusu ya darasa wakaanza kufungua mikoba kutafuta karatasi zao.

"Kosa lilikuwa langu," nikasema.

Akatazama upande wa kulia wa ubao, palipobaki nafasi ya mstari mmoja.

"Basi andika hilo, mwarimu. Wengine bado wanakopi."

Nikachukua chaki nikaandika.