Hisa Zangu Sitini

Kati ya hisa mia za kiwanda kile cha minofu ya sangara, sitini zilikuwa zangu, na sikuwahi kuruhusiwa kuingia chumba cha barafu. Miaka ile kila mtu Mwanza alikuwa anafungua kampuni. Mimi, mwalimu mwenye shahada na koti moja, niliombwa kuwa mkurugenzi. Mzee mmoja aliyejiita mshauri aliniwekea karatasi tatu mezani. Nilisaini zote bila kusoma zaidi ya vichwa, wala sikuomba nakala. Kumwomba nakala mzee aliyekukaribisha chai niliona ni utovu wa adabu.

Kisha maji machafu ya kiwanda yakamwagika ziwani, pale akina mama wanapochota. Hati ya kuitwa mahakamani ikaja kwa jina langu peke yangu.

Nilikimbilia kwa wakili mmoja, mwanamke tuliyesoma naye chuo, mwenye ofisi Nyamagana. Aliagiza taarifa za kampuni kwa msajili, Dar es Salaam.

"Sitini zako," alisema zilipofika. "Arobaini za kampuni ya ng'ambo, nayo ni ya kampuni nyingine. Mzee wako hayumo popote."

"Basi nimekwisha."

"Hizi zinaonyesha aliyeandikwa. Mimi namtafuta anayeamua. Meneja aliajiriwa na nani?"

"Mzee."

"Hundi anasaini nani?"

"Mzee. Mimi hata kitabu chake sijakiona."

"Na faida?"

"Sijui. Sikukuu naletewa samaki."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Msomi wetu. Zile karatasi zilikuwa za nini?"

Ya kwanza ilikuwa ya kukubali ukurugenzi. Ya pili ilikiri kwamba hisa ninazishika kwa niaba ya mzee. Ya tatu ilikuwa fomu ya kuhamisha hisa, nafasi ya mpokeaji na ya tarehe zikiwa wazi.

"Siku akikuchoka anajaza jina, umeondoka," alisema. "Wewe ni msumari, ndugu yangu. Koti ni lake."

Zote tatu zilikuwa kwenye kasha la mzee. Nilipeleka barua ya kujiuzulu kiwandani. Karani aliisoma kwa heshima, akanirudishia.

"Barua za namna hii hupokelewa na mkurugenzi, mwalimu."

Wakili aliiomba mahakama iitake benki ilete kadi ya saini za akaunti ya kiwanda. Ilikuwa na saini moja, ya mzee. Meneja naye akaeleza nani alimwajiri na nani humpa amri. Jina la mzee likaongezwa kwenye mashtaka. Langu halikufutwa, mkurugenzi ni mkurugenzi, alisema hakimu, hata asiyesoma anachosaini.

Tulikutana kwenye benchi nje ya mahakama. Mzee, aliyelingana na baba yangu kwa umri, alinisogezea nafasi.

"Shikamoo, mwenye kiwanda."

"Marahaba," niliitikia kabla sijafikiri, na benchi zima likageuka kunitazama.