Mteja wa Alhamisi

Mpaka leo nikikumbuka, mori unanipanda. Bwana mmoja wa matangazo, mwenye ofisi yake kule Mbaraki, alikuja dukani kwetu Kuze, ambako mimi na dada yangu tunauza udi na mafuta mazuri. Tulikuwa tumempa miezi sita atutangaze kwenye simu za watu. Sasa alitaka tuongeze pesa mara tatu.

"Kila mteja mpya amewagharimu shilingi mia nane," alisema, "na mteja wenu mmoja huwaachia faida ya elfu nne kwa mwaka. Mwangoja nini?"

Dada alishaanza kutabasamu. Mimi nikauliza: huyo mteja wa elfu nne ni nani?

Kumbe alikuwa amechukua faida ya duka zima akaigawa kwa wateja wote! Yaani amewatia hesabuni wanawake wa mtaani, wanaonunua udi kila Alhamisi wafukize nyumba kuikaribisha Ijumaa, tangu enzi za mama yetu. Hao hawakuletwa na tangazo. Walioletwa na tangazo walinunua kichupa kimoja chenye faida ya shilingi mia tatu, na karibu wote hatukuwaona tena. Kila mmoja ametutia hasara ya mia tano, naye yuaniambia niwatafute wengine!

"Bi, biashara yataka subira," akanijibu, bila haya.

"Na wewe ulilijuaje duka letu?"

"Mama hununua udi hapa."

"Basi nenda kamuulize mama ni tangazo lipi lililomleta."