Saba Alibeba Tekla

Asubuhi ya mwisho mke wangu Tekla alinipa uji, akacheka nilivyovaa shati nje ndani. Jioni hakuwepo tena duniani.

Bado namshangaa. Mwaka tisini na tano alimzaa wa saba kwa kupasuliwa mara ya pili. Tukasema basi. Nesi akatueleza njia za kupanga uzazi: vijiti vya mkononi miaka mitano, kitanzi miaka kumi, au kufunga kizazi moja kwa moja, mke au mume.

"Nifungeni mimi," akasema Tekla, na kidonda hakijapona.

Nikaona haya. "Mume anahasiwa kama beberu?"

"Hapana, baba," akasema nesi. "Tunakata mirija ya mbegu tu, nguvu zinabaki. Ila miezi mitatu tumieni kondomu, kisha tupime."

Nikatia dole gumba kwenye fomu, nifungwe mimi.

Siku ya kufungwa nilirudi nimetanua miguu. Tekla akajitwika mfuko wangu wa nguo: "Baba Dativa, saba nimebeba mimi. Mfuko huu utanishinda?"