Siku Redio Aliponyamaza

Kiwandani walimwita Redio, na jina lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Alipiga pasi mashati katika ukumbi wa mwisho, ule wenye mvuke, na mdomo wake ulikwenda sambamba na pasi: nani kachumbiwa, nani kakosana na mkwewe, msimamizi gani kaamka vibaya. Mtu akitaka habari ienee kabla ya chakula cha mchana, hakuhitaji kubandika tangazo. Alimnong'oneza Redio, akamwambia ni siri, basi, kazi imekwisha.

Alikuwa mjane. Alimlea binti yake wa pekee kwa pasi hiyohiyo, akamwingiza kiwandani upande wa cherehani, na sasa alikuwa na mjukuu wa miaka mitatu, mtoto wa kike mwenye mashavu manene na maswali yasiyokwisha. Kila asubuhi walimwacha katika chumba cha watoto, nyuma ya ukumbi wa kukatia vitambaa, pamoja na watoto wa wenzao, wengine bado wananyonya. Mchana Redio alikwenda kuchungulia mlangoni, akachekewa, akarudi kwenye pasi yake mwepesi kama msichana.

Tangazo lilipobandikwa kwamba chumba kile kitafungwa kupisha mashine mpya, ilikuwa habari ya kwanza maishani mwake ambayo hakuwa na hamu ya kuisambaza. Binti yake hakumficha. Chumba kikifungwa, ataacha kazi na kumfuata mumewe, ambaye alikuwa amepata kibarua mbali sana, na mtoto atakwenda naye. Redio angebaki na nyumba yake na kimya chake, yeye ambaye hakuwahi kukizoea kimya hata usingizini.

Chama cha wafanyakazi kikachagua watu watatu wa kwenda kuzungumza na uongozi. Wa kwanza alikuwa fundi wa mitambo, bwana mmoja wa taratibu ambaye ukimuuliza saa anaitazama kwanza, anafikiri, ndipo anajibu. Wa pili alikuwa karani wa stoo, binti mwenye mwandiko mzuri na masikio makali zaidi. Wa tatu alikuwa Redio. Watu walicheka waliposikia, na Redio mwenyewe alijivuna, akijua wazi kwamba amechaguliwa kwa ajili ya ulimi wake.

Fundi aliwakusanya katika karakana yake, kati ya mikanda na makopo ya grisi, akawagawia kazi. Yeye ndiye msemaji mkuu. Pendekezo litoke kwake, kukubali kutoke kwake, kukataa kutoke kwake. Karani ataandika: nani kasema nini, kwa maneno yapi, kwa sharti gani. Hatasema kitu mpaka aambiwe asome. Redio alingoja kusikia yeye atasema lini.

"Wewe dada ni mwangalizi," Fundi akasema. "Hutasema kabisa."

Redio alihisi kama amevuliwa kanga hadharani. Akauliza kama wamemweka pale wamzibe mdomo. Fundi hakukasirika. Alimweleza kwamba anayesema hawezi kuona, kwa sababu akili yake yote iko kwenye neno linalofuata, na anayeandika hawezi kuona, kwa sababu macho yako kwenye karatasi. Mtu wa tatu ndiye macho ya timu: nani kamtazama nani, nani kashtuka, nani kasogeza kiti. Na kiwanda kizima hakikuwa na mtu wa kumshinda Redio kwa kusoma watu. Umbea wote ule ulitoka wapi, kama si machoni?

Kisha akawapa masharti. Wakipishana, wapishane humu karakanani. Wakifika mezani wana msimamo mmoja, chumba kwa watoto wote, na wana jambo moja la kulegeza ambalo wamekubaliana mapema: wafanyakazi watasaidia kuhamisha vitu ili mashine zipate mahali pengine. Akitaka kusema jambo, Redio aivue miwani yake aiweke mezani, na Fundi ataomba mapumziko. Kwenye korido hakuna mazungumzo na upande wa pili. Na uso nao ni mdomo, akasema, usitikise kichwa, usigune. Walifanya mazoezi, karani akijifanya mwanasheria, na Redio aliguna mara nyingi hata karani akashindwa kujizuia kucheka.

Siku yenyewe ikafika. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, maji ya chupa na kiyoyozi kilichomfanya Redio, mtu wa mvuke, atetemeke. Upande wa pili walikaa meneja wa kiwanda, mzee mnene mwenye jasho hata kwenye baridi ile, na mwanasheria wa kampuni, kijana mtanashati mwenye sauti ya asali. Meneja alianza. Alisema mashine zinakuja, hakuna nafasi nyingine, chumba kinahitajika chote. Fundi akauliza kama chumba cha boila la zamani, ule mtambo wa mvuke usiotumika tena, kimeangaliwa kwa ajili ya mashine. Meneja akatupa jicho dirishani, upande uleule lilipo boila, akasema hakifai.

Ndipo mwanasheria akaingilia. Kwa upole mwingi akasema kampuni ina huruma, na iko tayari kukiacha chumba kwa watoto waliokwisha kutimiza miaka miwili. Wadogo zaidi ndio watakaoondoka.

Miaka miwili. Mjukuu wake alikuwa na mitatu. Redio aliona mashavu yale yakimchekea mlangoni kesho na keshokutwa, na kabla hajajua anafanya nini, pumzi ndefu ilimtoka na kichwa kikaitikia. Hakusema neno hata moja. Lakini mwanasheria alikuwa akimtazama.

"Naona mwenzenu ameridhika," akasema, akitabasamu.

Redio alitamani sakafu immeze. Fundi hakugeuka kumtazama. Alisema msimamo wa wafanyakazi utatoka kwake, akaomba mapumziko, akasimama kwa taratibu zake zilezile kama mtu anayekwenda kunawa mikono.

Kwenye chumba kidogo walichopewa, Redio alilia. Alisema ukweli wote: kwamba kwa dakika ile aliwasahau wanaonyonyesha, aliona mjukuu wake tu, na kwamba bora wamtoe, waweke mtu mwingine. Alingoja kusutwa. Fundi alimpa chupa ya maji.

"Uso wako umesema neno moja," akasema. "Nyuso zao zimesema mangapi?"

Redio akafuta machozi, na hapo, kwa sauti iliyokuwa bado inakwama, akaanza kutoa hesabu ya alichokiona. Mwanasheria alipotaja miaka miwili, meneja alishtuka na kumgeukia. Hakuwa anajua. Akaifunga faili yake, akaisukuma mbele kidogo, na tangu hapo hakumtazama tena mwenzake. Na kuhusu boila, kabla ya kusema hakifai, macho yake yalikwenda kule kwanza. "Yule amekwisha kukiangalia," Redio akasema. "Amekatazwa kukitaja, au hakuulizwa."

Karani akapekua kumbukumbu zake, akasoma: meneja, chumba kinahitajika chote; mwanasheria, chumba kitabaki kwa baadhi ya watoto. Wote watatu wakatazamana. Kumbe waliokuja na vinywa viwili hawakuwa wao. Redio alimwangalia mzee yule wa grisi na binti yule wa stoo, akastaajabu jinsi jambo ambalo hakuna hata mmoja wao angeliona peke yake lilivyosimama zima katikati yao, kama meza juu ya miguu yake.

Waliporudi, Fundi alimwomba karani asome kauli zile mbili, kwa maneno yaleyale, bila kuongeza chumvi. Akasoma. Kisha Fundi akauliza jambo moja: ikiwa watoto wakubwa wanaweza kubaki mle, mashine zinakwenda wapi? Akaiweka mikono yake mezani, akanyamaza tu.

Redio hakuwahi kudhani kimya kina uzito wa namna ile. Kiyoyozi kilinguruma. Meneja akajifuta shingo. Mwanasheria aliona mambo yanakwenda kombo, akafanya wanachofanya watu wa kazi yake: akatafuta ufa. Akamgeukia Redio kwa sauti ile ya asali.

"Mama, nasikia una mjukuu humu, wa miaka mitatu. Wewe mwenyewe unasemaje?"

Maneno yalimjaa Redio mpaka kwenye meno. Alikuwa nayo ya kumbembeleza kijana yule, ya kumtukana, na hata ya kumshukuru. Kumbe alikuwa amefika mahali ambapo ndiyo yake ingemrudishia mjukuu na kuwaacha wenzake nje, na hapana yake pia ingekuwa sauti ya pili mezani, hata kama ni ya haki. Akaikunja mikono mapajani ikatulia. Uso nao aliutuliza, akahisi unatulia kweli, kitu kisichowahi kutokea tangu utoto wake.

"Msemaji wetu ni Fundi," akasema.

Basi. Mwanasheria akatafuta pa kutazama. Meneja akashusha pumzi, akasema wao ndio sasa wanaomba mapumziko, na kupitia mlango uliofungwa wakasikika wakibishana, mmoja kwa asali na mwingine bila asali kabisa.

Waliporudi, aliyesema alikuwa meneja peke yake. Chumba cha boila la zamani kinafaa kwa mashine, kikizibwa paa. Kampuni italiziba. Fundi hapo akatoa kile walichokuwa wamekiweka tangu karakanani: wafanyakazi watasaidia kukisafisha na kuhamisha. Chumba cha watoto kibaki kama kilivyo, kwa watoto wote. Karani akasoma makubaliano tangu mwanzo hadi mwisho, wakayasahihisha mahali pamoja, wakayatia saini. Fundi akawaambia wenzake jambo la mwisho: wanaongoja nje watatangaziwa na mtu mmoja, yeye msemaji, kwa maneno yaliyosainiwa. Akabaki nyuma kidogo kuchukua nakala yake.

Kwa hiyo Redio akatangulia kutoka. Ua ulikuwa umejaa, ukumbi mzima wa cherehani na wa pasi, na mbele kabisa binti yake na mtoto kiunoni. Wakamzingira. Redio, tuambie. Redio, imekuwaje? Alikuwa amebeba habari kubwa kuliko zote alizowahi kubeba, na midomo yake ilikuwa imefungwa, na uso wake mtulivu, vilevile alivyouacha mezani.

Binti yake akautazama uso ule. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona mama yake amenyamaza isipokuwa siku moja, siku ya msiba wa baba. Machozi yakaanza kumtoka. Akambana mtoto kifuani kama wanaoondoka tayari.

"Bibi," mtoto akauliza, "mbona husemi?"

Redio alimpokea mtoto, akamweka begani, akashika mkono wa binti yake kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Hakusema. Nyuma yake alisikia mlango ukifunguliwa, na viatu vya Fundi vikishuka ngazi, kimoja kimoja, taratibu kuliko siku zote.