VAT ya Mwenyekiti

Katika miaka yangu ya kufanya hesabu za wenye maduka hapa Bungoma, nimeletewa risiti kwenye mifuko ya unga, kwenye ndoo, hata ndani ya bahasha ya kadi ya harusi. Mwenyekiti peke yake ndiye aliyezileta kwenye faili. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi kule Bumula, na tulimwita Mwenyekiti kwa sababu hakuna kamati aliyowahi kuiona akakubali kukaa kiti cha nyuma. Kanisani kwetu aliongoza kamati ya ujenzi.

Alifika ofisini kwangu tarehe kumi na saba, siku tatu kabla ya mwisho wa kuwasilisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mwezi uliopita. Aliketi bila kukaribishwa.

"Madam, hii kazi imeisha," alisema. "Nataka tu uniangalilie kidogo. Kuna mtaalamu wangu wa Kitale amenifanyia. Serikali ndiyo iko na deni yangu. Elfu ishirini!"

"Sasa mbona umekuja kwangu?"

Alikohoa. Mtaalamu alitaka alipwe kwanza sehemu ya hizo elfu ishirini, na Mwenyekiti, ambaye hakumwamini mtu yeyote aliyetaka kulipwa kwanza, alikuja kwangu kwa kuwa mimi hulipwa mwisho.

Hesabu yenyewe si ya ajabu. Ukiuza bidhaa ya shilingi mia moja, unamtoza mteja mia moja na kumi na sita. Zile kumi na sita si zako, unaishikia tu serikali. Ukinunua mzigo, nawe umetozwa vivyo hivyo. Mwisho wa mwezi unachukua kodi uliyotoza, unatoa ile uliyotozwa, na tofauti unaipeleka. Mtaalamu alikuwa ameandika kwa wino wa kijani: kodi ya mauzo, laki mbili, kodi ya manunuzi, laki mbili na elfu ishirini.

Mauzo kwenye mfumo wa kodi yalikuwa milioni moja na robo, kwa hiyo laki mbili ilikuwa sawa. Nikageukia manunuzi, nikaanza kuchukua ankara moja moja.

Ya kwanza ilikuwa ya mabati kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Kitale, kodi yake laki moja na elfu kumi na mbili. Safi. Ya pili, rangi na misumari, kodi elfu ishirini na nne. Safi pia. Ya tatu ilikuwa rangi na misumari tena, elfu ishirini na nne tena, namba ileile ya ankara, ila hii ilikuwa imepigwa picha kwa simu na kuchapishwa.

"Mwenyekiti, hii umeihesabu mara mbili."

"Si moja ni orijino na ingine ni kopi?"

Nikaikata kwa mstari. Ya nne ilikuwa kikaratasi cha mwenye lori la mchanga na kokoto. Alikuwa amelipwa laki moja na elfu kumi na sita, na mtaalamu akachomoa humo kodi ya elfu kumi na sita, kama mtu anayekamua ng'ombe dume.

"Huyu hajasajiliwa kwa VAT. Hakukutoza kodi. Utadaije kitu ambacho hukutozwa?"

"Lakini nililipa pesa nyingi, bana!"

Ya tano ilikuwa ya hoteli, kodi elfu nne. Ilikuwa siku ya kuwapokea wakwe. Nilimwambia sheria hairuhusu kudai kodi ya karamu. Akasema wakwe wale walikuwa wateja pia, mmoja alinunua kufuli.

Ya sita ilikuwa simiti, kodi elfu arobaini, na hapo hata mimi nilimwonea huruma. Mzigo ulikuwa wa kweli, pesa zililipwa kweli, lakini ankara haikuwa na PIN yake, ile namba ya mlipakodi. Kwenye nafasi ya mnunuzi palikuwa pameandikwa "Mteja". Bila PIN, elfu arobaini hizo hazikuwa za mtu.

Zilibaki ankara mbili, kodi laki moja na elfu thelathini na sita. Mwenyekiti akatoa leso.

Kesho yake asubuhi tulipanda pikapu yake hadi Kitale, kuitafutia simiti ankara yenye PIN. Karani wa muuzaji wa simiti alikuwa binti mpole asiye na haraka. Alikubali kufuta ile ankara na kutoa nyingine yenye PIN.

"Lakini itatoka na tarehe ya leo," akasema.

"Andika ya mwezi jana, binti yangu. Mimi ni kama baba yako."

"Baba yangu pia hupewa ya leo."

Nilimweleza Mwenyekiti kwamba elfu arobaini hazijapotea. Atazidai kwenye hesabu ya mwezi huu, lakini hesabu ya mwezi uliopita haitasaidiwa na ankara iliyozaliwa leo. Alininunia hadi kwa mtaalamu wake, ghorofani, juu ya duka la viatu.

Mtaalamu alikuwa na suti, viti vitatu, na kikokotoo kikubwa kama kinanda. Nilimwonyesha ankara iliyoingia mara mbili. Hakutikisika.

"Dada, wewe unafanya kodi ya vitabu," aliniambia kwa upole wa daktari. "Mimi nafanya kodi ya maisha."

"Na wakija kukagua?"

"Wakija, mimi siko kwa hiyo duka. Ni yake."

Hilo ndilo neno pekee la kweli nililomsikia akisema. Mwenyekiti alilielewa upesi kuliko maelezo yangu yote ya siku mbili. Alisimama, akachukua faili lake.

Tulirudi Bumula. Nilitaka kulinganisha mfumo na daftari la dukani kabla ya kuwasilisha, na humo nikakuta mauzo ambayo hayakuwa kwenye mfumo: simiti ya kanisa, laki moja na elfu kumi na sita. Nilimpigia mtunza hazina wetu, mama asiyetupa hata kibiriti kilichoisha. Alinisomea risiti yake ya mkono. Laki moja, na chini yake, kwa hati ya Mwenyekiti mwenyewe: "VAT 16,000."

"Si ni ya Mungu?" alisema Mwenyekiti. "Kanisa halilipi kodi."

"Kanisa limelipa. Limekulipa wewe."

Aligeukia rafu za misumari, akaanza kuzipanga upya. Wajane walikuwa wameuza kuku kwa ajili ya simiti ile.

Nikaongeza elfu kumi na sita juu ya laki mbili. Laki mbili na elfu kumi na sita, toa laki moja na elfu thelathini na sita: elfu themanini za kulipa. Alizilipa tarehe ishirini kwa simu, akibonyeza kila tarakimu kana kwamba ina miiba. Mwezi uliofuata elfu arobaini za simiti zikapunguza deni lake, naye akawatangazia watu sokoni kwamba yeye ndiye aliyeigundua hiyo njia.

Nilicheka sana, mpaka Jumamosi moja nikipanga kabati langu. Nilikuta risiti ya mabati ya nyumba yangu, ya mwaka uliotangulia, ya mkono, "pamoja na VAT", kutoka duka la Mwenyekiti. Mimi, mhasibu, nililipa, nikashukuru, nikapewa na soda. Sikuomba ankara ya kwenye mfumo.