Vidonge Vilivyoishia Kwenye Mkojo

Mume wangu alikuwa fundi cherehani pale Mbeya. Kifua kikuu kilipompata, aliacha kula chochote isipokuwa uji na chai. Miezi ikapita hivyo. Fizi zake zikavimba na kuvuja damu, miguu ikatoka madoa meusi kama ya mtu aliyepigwa. Nikampeleka hospitali ya serikali.

Daktari, Mhindi aliyekulia Tanga, alimwanzishia sindano za kifua. Fizi alisema ni ugonjwa mwingine, wa kukosa matunda na mboga. Akampa vidonge vya vitamini C, akaniagiza nimletee mkojo wake kila nikija.

Siku ya kwanza alinionyesha. Alikuwa na dawa ya buluu kwenye kichupa cha kioo. Akadondoshea mkojo humo, akatikisa. Rangi ikabadilika kidogo, lakini haikufutika.

“Hakuna kitu humu, mama,” akasema. “Mwili wake una njaa, umeshika vitamini yote niliyompa. Siku utakapotosheka, mkojo utaifuta rangi hii.”

Siku hiyo ilifika. Fizi zilikuwa zimekauka, akatafuna ndizi mbivu, nami nikalia kwa furaha. Daktari akadondosha mkojo, rangi ikatoweka, maji yakabaki meupe. Akapunguza vidonge, akasema sasa chungwa moja kwa siku linatosha. Sindano ziendelee.

Lakini mume wangu alizichukia sindano. Zilimuuma, na masikio yakawa yanavuma mchana kutwa. Ndipo kaka yake akaja kutoka Iringa. Alikuwa na duka la vitambaa, na ndiye aliyewalea wadogo zake wote baada ya baba yao kufa. Nilimheshimu kuliko ndugu yangu yeyote. Alileta chupa kubwa za vidonge vilevile. Mchuuzi mmoja wa dawa alikuwa amemwambia kwamba ukivimeza kwa wingi, viganja kwa viganja, vinaua kifua kikuu.

“Shemeji, umeona fizi zilivyopona,” akaniambia. “Vidonge vichache vimeponya kinywa. Vingi vitaponya kifua.”

“Daktari amesema sindano zisikatwe.”

“Daktari ana wagonjwa mia. Mimi mgonjwa wangu ni huyu mmoja.”

Mume wangu akanitazama. “Niacheni nipumzike na sindano,” akasema. “Kaka hawezi kunitakia mabaya.”

Akaacha kwenda hospitali, akawa anameza asubuhi, mchana na jioni. Tumbo likaanza kumwendesha. Shemeji akasema ni uchafu wa ugonjwa unatoka, akaagiza chupa nyingine kwa basi la Iringa. Mume wangu akakonda hadi pete ikamtoka kidoleni. Homa za jioni zikarudi, kisha kikohozi chenye damu.

Nilikodi gari la mfanyabiashara wa Mbalizi, tukampeleka hospitali, shemeji naye akafuatana nasi. Daktari alipoambiwa habari ya vidonge hakugomba. Alichukua mkojo, akatia tone moja tu kwenye ile buluu. Ikafutika palepale.

“Vidonge vyako ndivyo hivi,” akamwambia shemeji. “Utumbo una wapagazi wachache wa kuibeba vitamini hii. Ukimeza rundo, nyingi inabaki tumboni, inavuta maji, ndiyo maana anaharisha. Ile inayoingia kwenye damu, mwili unachukua haja yake, na ukishajaa haupokei tena. Figo huchuja damu, hurudisha kinachoweza kurudishwa, na ziada huiachia itoke. Si mafuta, haiwekwi akiba nyingi.”

“Lakini fizi zilipona,” shemeji akasema.

“Kwa sababu alikuwa amepungukiwa. Tulijaza pengo. Kifua chake hakina pengo la vitamini, kina wadudu. Hao wanataka zile sindano.”

Akaanzishiwa sindano tena. Lakini pafu moja lilikuwa limekwisha kutoboka, na mwili haukuwa na nguvu ya kusubiri. Alifariki wakati wa baridi, asubuhi, nikiwa nimemshika mgongo akohoe. Damu ilikuja nyingi kuliko beseni.

Baada ya mazishi shemeji alikuja kunipa pole kabla sijaingia eda. Alikaa barazani kofia mikononi, macho yamemvimba kwa kulia. Nilidhani atasema jambo la kuomba radhi, na moyoni nilikuwa nimeshamwandalia jibu la upole, maana nilijua alivyompenda.

“Shemeji,” akasema, “mimi naona tulichelewa. Tungempa vingi zaidi, tangu mwanzo.”

Niliingia ndani, nikaketi kwenye mkeka pamoja na mama mkwe, aliyekuwa ananingoja kunifunga kanga nyeupe ya eda kichwani.